Du pain si "baadhi ya mkate": kuitafsiri karatasi ya sokoni

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwa familia ya Kifaransa hapa Dar es Salaam. Mama huniachia karatasi ya vitu vya kununua, nami naiandika upya kwa Kiswahili na kumpa kijana anayekwenda sokoni. Karibu kila mstari una du au de la: du pain, de la farine, du poulet. Kamusi yangu inasema maana yake ni 'baadhi ya' au 'kiasi cha', lakini nikiandika 'baadhi ya mkate' kijana ananishangaa. Niandike nini? Na kwa nini mara nyingine inageuka kuwa de peke yake?"

Marahaba, dada. Huyo kijana anashangaa kwa haki kabisa. Andika "mkate", basi. Andika "unga". Hapo du na de la umeshazitafsiri, hakuna kilichopotea. Kuku na vitu vingine vichache ndivyo vinavyotaka uangalifu, na nitavifikia.

Kamusi haikukudanganya, ila imekupa neno mahali ambapo Kiswahili hakitumii neno. Mfaransa akitunga sentensi, kwa kawaida haliachi jina la kitu likasimama peke yake. Sisi tunasema "nimenunua mkate" na tumemaliza. Yeye lazima atangulize kitu mbele ya pain, na kila anachotanguliza kinasema jambo tofauti. Akisema un pain, anao mkate mmoja mzima, unaohesabika: mmoja, miwili, mitatu. Akisema le pain, ni mkate ambao wewe na yeye mnaujua, ule ulioagizwa jana au ule ulio mezani. Ama anazungumzia mkate kwa jumla, kama anaposema j'aime le pain, napenda mkate. Akisema du pain, anakuambia mambo mawili kwa pamoja: sijauhesabu, na sina mkate maalumu akilini. Nataka kitu kinachoitwa mkate, kiasi chochote kitakachofaa.

Hiyo du ni de na le zilizoungana. Kwa majina ya kike inabaki de la, kama de la farine. Neno likianza na irabu, au na h isiyotamkwa, inakuwa de l', kama de l'huile na de l'ail. Kwa wingi utaona des: des oignons, des œufs. Zote nne zinafanya kazi moja kwenye karatasi yako.

Sasa sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyosema hayo mambo mawili, "sijahesabu" na "sina maalumu". Unapomwambia mtoto "kunywa maziwa", hukumtajia kiasi wala hukumwonyesha maziwa gani. Unaposema "leo tumekula ugali", hakuna atakayekuuliza kwa nini hukusema "kiasi cha ugali". Jina likiwa tupu, bila namba, bila "hili" wala "lile", tayari limebeba maana yote ya du. Ndiyo maana nasema hakuna kilichopotea. Mfaransa anaweka alama, sisi tunaacha nafasi, na ile nafasi inaeleweka.

Kuna ushahidi mzuri wa jinsi alama hiyo ilivyogandamana na jina masikioni mwa watu wasio Wafaransa, na umo ndani ya lugha yetu wenyewe. Neno "divai" ni du vin. Waliolipokea hawakusikia maneno mawili, walisikia moja. Huko Morisi, watu waliokijenga Krioli chao juu ya Kifaransa walifanya hivyo kwa vyakula vingi: mchele wanauita diri, kutoka du riz, chumvi ni disel, kutoka du sel, na maji ni dilo, kutoka de l'eau. Kwa hiyo unapoandika "divai" kwenye orodha, ile du imo ndani tayari.

Turudi kwa "baadhi ya". Neno hili linataka kundi ambalo unaweza kulitenganisha: baadhi ya wateja, baadhi ya maduka, baadhi ya mayai yameoza. Kila unapolitumia, msikilizaji anafikiria na wale waliobaki nje. Ukisema baadhi ya mayai yameoza, umesema pia kwamba mengine ni mazima. Sasa "nunua baadhi ya mkate" inamwambia kijana kwamba kuna mkate fulani, na kwamba atwae sehemu yake na nyingine aiache. Atauliza: mkate upi, na niukate wapi? Du haisemi hayo. Na kwa vitu visivyohesabika kama maziwa au unga, "baadhi ya" haikai vizuri hata mahali pengine. Hata pale unapotaka kweli sehemu ya kitu kinachojulikana, Kiswahili husema "sehemu ya" au "kipande cha", au hutumia kitenzi kama "kupunguza" na "kuchota": chota unga kwenye lile kopo.

"Kidogo" ni mtego wa upande mwingine, na huu ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu sentensi inatoka tamu. "Nunua sukari kidogo" ni Kiswahili safi, lakini kwa Kifaransa ni un peu de sucre, si du sucre. Mama wa nyumba aliandika du sucre akitegemea sukari ya wiki nzima, kijana akaleta robo kilo. Kinachochanganya watu ni kwamba mdomoni "kidogo" mara nyingi ni neno la adabu tu. Mgeni akisema "naomba maji kidogo", hajasema anataka nusu glasi. Amelainisha ombi, na hapo ukimtafsiria Mfaransa, je voudrais de l'eau inatosha. Lakini kwenye karatasi hakuna sauti wala uso wa kuonyesha kwamba ni adabu, na anayesoma atachukua kidogo kuwa kidogo. "Kiasi cha" nacho kinangoja namba: kiasi cha kilo mbili, kiasi cha kutosha wiki. Kikiachwa bila namba kinamfanya msomaji adhani umesahau kumalizia.

Kuku ndipo jina tupu halitoshi. Du poulet na un poulet ni ununuzi wa aina mbili. Un poulet ni kuku mmoja, mzima. Du poulet ni nyama ya kuku, mapaja au vidari au vipande, bila kujali alitoka kuku yupi. Kiswahili kinasema "kuku" kwa yote mawili, na sokoni kwetu kuna maana ya tatu, kuku anayetembea. Nilipokuwa natafsiri orodha za jiko la hosteli moja, niliandika "kuku" mahali palipoandikwa du poulet, na nikaongeza "sita" kwa sababu mpishi alinitajia kwa mdomo kwamba anataka vipande vya kutosha meza sita. Wakaletwa kuku sita wamefungwa miguu, saa tano asubuhi, na chakula kilitakiwa kiwe mezani saa saba mchana. Wapishi waliacha kila kitu wakaingia kuchinja na kunyonyoa. Tangu siku hiyo du poulet naiandika "nyama ya kuku, vipande", na un poulet naiandika "kuku mmoja mzima, aliyesafishwa" baada ya kuuliza kama wanataka wa namna hiyo. Tofauti hiyo hiyo iko kati ya du poisson na un poisson. Huyu wa pili ni samaki mmoja; wa kwanza ni samaki wa kupika, na anaweza kuwa vipande. Kwa ng'ombe na nguruwe Mfaransa anasema du bœuf na du porc, nasi tunaandika "nyama ya ng'ombe", "nyama ya nguruwe", kwa hiyo hapo huwezi kupotea.

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili ndicho kinachodai zaidi, na karatasi ya Kifaransa haikusaidii. Du riz ni mpunga, ni mchele, ni wali. Kwenye orodha ya dukani ni mchele, lakini mama akiandika ujumbe kwamba il reste du riz dans le frigo, hiyo ni wali uliobaki kwenye friji. Du thé ni majani ya chai dukani, na ni chai kikombeni. De la farine bila maelezo zaidi, kwa Mfaransa, ni unga wa ngano. Kwa kijana wetu, unga bila maelezo unaweza kabisa kuwa sembe. Andika "unga wa ngano" hata kama yeye hakutaja ngano. Nakusihi usione kwamba unaongeza maneno ambayo hayamo. Yamo, ila Mfaransa hana haja ya kuyasema nyumbani kwake.

Sasa hiyo de iliyobaki peke yake. Sababu zitakazokukuta kwenye karatasi ni mbili. Ya kwanza ni kipimo. Mara tu Mfaransa anapotaja kiasi, du haina kazi tena, maana kazi yake ilikuwa kusema "sijataja kiasi". Kwa hiyo ni du riz, lakini deux kilos de riz. Ni de l'huile, lakini une bouteille d'huile. Hali ni hiyo hiyo kwa beaucoup de, nyingi, na un peu de, kidogo. Ya pili ni kukanusha: il y a du beurre, siagi ipo, lakini il n'y a pas de beurre, hakuna siagi, na il n'y a plus de beurre, siagi imeisha. Kitenzi être peke yake kinaikataa kanuni hii. Mama akionja akasema ce n'est pas du beurre, anakuambia "hii si siagi", yaani umeleta kitu kingine, labda majarini. Hapo du inabaki, kwa sababu hasemi kwamba hakuna. Anakataa jina la kitu kilichopo.

Kwenye kipimo, Kiswahili kina njia mbili na zote ni sahihi. Unaweza kuanza na kipimo: kilo mbili za mchele, fungu moja la mchicha, chupa moja ya mafuta, kipande cha nyama. Angalia kwamba kiunganishi kinafuata kipimo, si chakula: fungu moja la nyanya, mafungu mawili ya nyanya, wala si "fungu moja ya". Au unaweza kuanza na chakula, kama tunavyosema mbele ya muuzaji: mchele kilo mbili, sukari nusu kilo, mafuta chupa moja. Kwa karatasi ya kijana mimi napenda hii ya pili. Macho yake yanatafuta kitu kwanza, kisha kiasi. Na tunayo njia moja zaidi ambayo Mfaransa haitumii sana kwenye orodha yake, ya kupima kwa pesa: vitunguu vya elfu moja, tangawizi ya mia tano. Ukiona des oignons bila kilo, na unajua bajeti, hiyo ndiyo tafsiri inayomfaa zaidi anayekwenda gengeni.

Tuchukue karatasi moja ya namna unayoachiwa:

du pain
de la farine
du riz, 2 kg
de l'huile
du poulet
un ananas
des oignons
une botte de coriandre
du lait, 2 litres
des épinards
pas de beurre, il y en a encore

Kabla ya kuandika lolote, pitia mistari isiyo na kiasi ujiulize kama kijana anaweza kununua kwa hayo tu. Mkate, ndiyo, kama nyumba ina mazoea yake. Unga, mafuta, nyama ya kuku, vitunguu na mchicha, hapana. Hiyo si kasoro ya tafsiri. Karatasi iliandikwa kwa mtu anayelijua jiko, yaani wewe; kijana halijui. Kwa hiyo kiasi unakiongeza wewe unayejua kilichobaki kabatini, au unamuuliza mama: combien de farine? Ona tena de peke yake, kwa kuwa combien nayo ni neno la kiasi. Akishajibu, karatasi ya kijana inakuwa hivi:

Mkate mmoja, ule wa kila siku
Unga wa ngano kilo 1
Mchele kilo 2
Mafuta ya kula lita 1
Nyama ya kuku, vipande, kilo 1 (si kuku mzima)
Nanasi moja
Vitunguu maji kilo 1
Kotmiri fungu moja
Maziwa lita 2
Mchicha mafungu mawili
Siagi usinunue, bado ipo

Kuna mambo machache hapo. Nanasi limepata "moja" kwa sababu karatasi ilisema un. Hilo ni hesabu, si mazoea. Vitunguu nimeviita "vitunguu maji" ili asije na saumu, ambayo Mfaransa angeiandika de l'ail. Épinards ni wingi kwa Kifaransa, mchicha ni umoja kwetu, na usijaribu kuvilinganisha. Mchicha wenyewe si mmea ule ule, lakini ukitaka ule wa Ulaya andika "spinachi" na umwambie auulize kwa jina hilo. Maziwa yanakwenda kinyume: kwetu yana sura ya wingi, maziwa haya, mafuta yale, maji yako, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi wanapoandika des laits na des huiles wakiandika Kifaransa. Kwa Mfaransa, maziwa ya kununua ni du lait, umoja, hata yawe lita ishirini.

Mstari wa siagi una kile kineno en, ambacho kinachukua nafasi ya du pamoja na jina lake. Il y en a encore: bado ipo. Kiswahili hakina kineno kama hicho, kinatumia upatanisho: ipo kwa siagi, upo kwa mchele, yapo kwa maziwa, vipo kwa vitunguu. Akikuuliza kama una unga, nawe ukajibu oui, j'en ai, kwa Kiswahili umesema "ndiyo, ninao".

Nimekuwekea mwisho jambo ambalo kamusi haitakuonyesha, kwa kuwa litakufaa siku utakapotafsiri ujumbe mzima na si orodha tu. Nilisema Kiswahili kinaacha nafasi tupu mahali pa du. Lakini tofauti ya du na le Kiswahili kinaiweka pia ndani ya kitenzi. Il y a du lait dans le frigo ni "kuna maziwa kwenye friji". Le lait est dans le frigo ni "maziwa yamo kwenye friji". Kuna inaleta kitu kipya, yamo inazungumzia maziwa ambayo msikilizaji tayari anayafahamu. Vivyo hivyo, tu as acheté du riz? ni "umenunua mchele?", na tu as acheté le riz?, yaani ule tulioongea asubuhi, ni "umeununua mchele?" Hiyo -u- ya katikati inafanya kazi ya le. Ukiitia mahali palipoandikwa du, kijana atajiuliza alisahau kuagizwa mchele gani. Kwa viumbe hai kipimo hiki hakitegemeki sana, kwa kuwa tunapenda kusema "nimemwona kuku" hata kama kuku mwenyewe hajulikani.

Na wewe ukimwachia mama karatasi, kwa mfano mchele umeisha na mafuta bado yapo, andika: il n'y a plus de riz, il reste de l'huile. Kama kijana hakupata kuku wa vipande akaleta mzima, andika: pas de morceaux, il a pris un poulet entier.